Sindano na Mto: Jinsi Samaki wa Bwawani Walivyoanza Kutaga

Kabla ya mwaka 1957, mfugaji wa Bengali aliyetaka rohu, katla au mrigali kwenye bwawa lake kwa kawaida alilazimika kumtegemea mvuvi wa mtoni. Kila mwaka mvua za monsuni zilipojaza mito, samaki hawa wa jamii ya kapi walipanda kuelekea kwenye maji ya mafuriko na kutaga humo, na mayai na vifaranga vyao vikateremka na mkondo. Wavuvi walitega nyavu zenye matundu madogo sana kandokando ya mto, wakakusanya vifaranga vilivyokuwa na siku chache tu, wakavitia kwenye vyungu vya udongo na kuvisafirisha, vingine kwa treni kutoka Kalkuta hadi majimbo ya mbali. Njiani ilibidi chungu kitikiswe mara kwa mara ili maji yapate hewa. Hata hivyo vingi vilikufa.

Vilivyofika salama navyo havikuwa na uhakika. Kifaranga cha siku tatu ni kama uzi wenye macho mawili, na hakuna mtu awezaye kutambua kwa kukitazama kama ni rohu au ni samaki mla wenzake. Mfugaji alinunua mchanganyiko, akaumwaga bwawani, akangoja. Baada ya miezi kadhaa ndipo alipojua alichokinunua, na mara nyingine aligundua kwamba wale waliokuwa wachache kwenye chungu ndio waliowamaliza wengine.

Kilichowatatiza watu ni kwamba samaki hawa hawa walistawi sana bwawani. Walikula, wakanenepa, na ilipofika Juni majike walikuwa na matumbo laini yaliyojaa mayai. Halafu basi. Mayai yalikaa tumboni hadi msimu ukapita, kisha mwili ukayafyonza polepole. Leo tunajua kwamba yai la samaki hupitia hatua mbili tofauti. Kwanza linajazwa kiini, kazi ya miezi mingi inayotegemea chakula na joto, na bwawa linaitosheleza. Pili, katika saa chache tu, linapevuka na kuachiwa kutoka kwenye ovari, na hatua hiyo husubiri ishara: maji kupanda, mvua mpya, mkondo, kubadilika kwa joto la maji. Ubongo huzisoma ishara hizo na kuiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini yake, imwage homoni kwenye damu. Bwawa limetulia, kwa hiyo amri haitoki.

Ugunduzi kwamba amri hiyo inaweza kutolewa na binadamu ulianzia Amerika ya Kusini. Mwaka 1930, Bernardo Houssay wa Ajentina, ambaye mwaka 1947 alipata Tuzo ya Nobeli kwa kazi zake juu ya pituitari, aliwadunga samaki wanaozaa dondoo la tezi za samaki wengine, wakazaa kabla ya wakati wao. Kwa Houssay hilo lilikuwa jambo dogo ndani ya utafiti mkubwa. Aliyeona thamani yake kwa mfugaji ni Rodolpho von Ihering wa Brazili. Yeye alipewa kazi katika kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, eneo la ukame ambako serikali ilikuwa ikijenga malambo makubwa ya maji na ilitaka yajae samaki. Samaki bora wa mitoni huko, kama kurimata, walikuwa na tabia ile ile ya rohu: walipandisha mto kwenda kutaga, na wakifungiwa kwenye lambo hawakutaga. Mwaka 1934 kundi la Ihering lilifaulu kuwafanya wapevuke kwa kuwadunga pituitari mbichi za samaki wenzao, na mwaka 1937 alieleza njia hiyo katika jarida la ufugaji wa samaki la Marekani. Katika miaka hiyo hiyo Nikolai Gerbilsky alikuwa akifanya kazi kama hiyo kwa sturijeni wa Urusi.

India nako majaribio yalikuwepo tangu miaka ya 1930, lakini hayakutoa matokeo ya kutegemewa. Yaliyobadilisha mambo ni ya Hiralal Chaudhuri, mtafiti kijana wa kituo cha utafiti wa uvuvi wa maji baridi kule Barrackpore. Mwaka 1955 alimfanya samaki mdogo aitwaye Esomus atage kwa sindano ya pituitari. Tarehe 10 Julai 1957, kwenye shamba la samaki la Angul, jimbo la Odisha, yeye na K. H. Alikunhi wakafaulu kwa kapi wakubwa wa India. India huiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka kuwa siku ya wafugaji wa samaki, na nadhani wanastahili kufanya hivyo.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu kila hatua yake ina sababu, na mwanafunzi akizijua sababu hahitaji kukariri.

Tezi zilitoka kwenye vichwa vya samaki sokoni. Samaki mtoaji alitakiwa awe amekomaa, tena aliyevuliwa karibu na msimu wa kutaga, kwa kuwa tezi ya samaki mchanga au aliyekwisha kutaga huwa haina nguvu. Fuvu linafunguliwa kwa juu, ubongo unanyanyuliwa taratibu, na hapo sakafuni, kwenye kishimo kidogo cha mfupa kilichofunikwa na utando, panaonekana chembe nyeupe yenye uwekundu kidogo. Hiyo ndiyo pituitari. Inatolewa nzima, kwa koleo ndogo, maana ikipasuka sehemu ya homoni hupotea. Kisha inatumbukizwa kwenye pombe kali isiyo na maji kabisa. Pombe hiyo hunyonya maji na mafuta ya tezi na kuacha homoni ndani, kwa kuwa homoni yenyewe huyeyuka katika maji, haiyeyuki katika pombe. Kwa sababu hiyo hiyo, pombe iliyochanganyika na maji huharibu tezi: homoni huvuja na kubaki kwenye chupa. Tezi iliyohifadhiwa vizuri hukaa miezi mingi. Siku ya kazi inakaushwa, inapimwa, inasagwa katika maji yaliyotoneshwa au yenye chumvi kidogo, na maji ya juu yaliyotulia ndiyo yanayoingia kwenye bomba la sindano.

Utaratibu uliozoeleka baadaye ulikuwa wa sindano mbili kwa jike. Ya kwanza ilikuwa miligramu 2 hadi 3 za tezi kwa kila kilo ya samaki, nayo ilikuwa ya kumwandaa. Baada ya saa kama 6 alipewa ya pili, miligramu 5 hadi 8 kwa kilo. Dume alipewa sindano moja tu, miligramu 2 hadi 3 kwa kilo, wakati jike anapata ya pili. Wengi wanaoanza hutaka kujua kwa nini wasitoe dozi yote kwa mkupuo. Sindano ya kwanza husukuma mayai yaliyokwisha kujaa yasogee pamoja kuelekea kupevuka, na ya pili inapofika inayakuta yote karibu mahali pamoja. Dozi kubwa ya ghafla huweza kuachia mayai ambayo hayajapevuka, na hayo hayarutubiki.

Baada ya hapo jike mmoja na madume wawili waliwekwa jioni ndani ya kisanduku cha kitambaa kilichofungwa kwenye miti minne bwawani, kikafunikwa juu ili wasiruke. Saa 3 hadi 6 baadaye maji yalianza kuvurugika, dume akimfukuza jike na kumbana ubavuni. Asubuhi kisanduku kilikuwa kimejaa mayai yaliyovimba, yanayong'aa kama shanga za kioo. Mayai yalihamishiwa kwenye kifaa kingine ambacho mimi hukiona kuwa uvumbuzi wa werevu kuliko sindano yenyewe: kisanduku kikubwa cha kitambaa chenye kingine kidogo ndani yake, na cha ndani kimeshonwa kwa chandarua. Mayai yanawekwa kwenye chandarua. Yakianguliwa, baada ya saa 14 hadi 18 katika maji yenye joto la nyuzi 27 hadi 31, vifaranga vinapenya matundu na kuingia kisanduku cha nje. Maganda na mayai yaliyokufa vinabaki ndani. Chandarua kinatolewa pamoja na uchafu wake wote, na vifaranga havijaguswa na mkono.

Kifaa hicho kilikuwa na udhaifu wake. Tope lilipoziba matundu, maji hayakupita, na mayai yaliyolala chini yakakosa hewa na kufa yakiwa yamerundikana. Kaa walikata kitambaa. Siku ya jua kali bila upepo, maji ya bwawa yalipanda joto na vifaranga vikaanguliwa vikiwa vimepinda. Ndiyo maana vituo vikubwa baadaye vilihamia kwenye chupa za maji yanayopanda kutoka chini, na kisha kwenye matangi ya mviringo ya mtindo wa Wachina, ambamo maji huzunguka muda wote na mayai hayapati nafasi ya kutua. Wachina wenyewe walikuwa na historia yao sambamba: mwaka 1958 Zhong Lin, akifanya kazi Guangdong, aliwazalisha kapi wa fedha na kapi wa kichwa kikubwa, ambao mbegu zao kwa karne nyingi zilikingwa mitoni.

Hivyo tatizo la mbegu likaonekana limekwisha. Kwa hakika lilikuwa limehama. Mtoni, vifaranga vya chungu kimoja vilitoka kwa wazazi wengi wasiojuana. Kituoni, jike mmoja mkubwa wa rohu hutoa mayai laki kadhaa, basi mwenye kituo hahitaji wazazi wengi, na baadaye huchagua wazazi wapya kutoka kwa watoto wale wale. A. E. Eknath na R. W. Doyle walivichunguza vituo vya jimbo la Karnataka na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Walikadiria kwamba katika vituo hivyo uzazi wa ndugu kwa ndugu ulikuwa ukiongezeka kwa asilimia 2 hadi 17 kila kizazi. Palikuwa na jingine lililojificha. Mwenye kituo huchagua wazazi mwishoni, baada ya wateja kununua samaki wakubwa, kwa hiyo bila kukusudia alikuwa akibakiza wale wanaokua polepole. Sindano ilifanya kazi yake vizuri, na mbegu ikaendelea kudhoofika. Dalili yake haionekani kwenye kisanduku cha mayai. Inaonekana kwenye daftari, kama daftari lipo: samaki wa umri ule ule, chakula kile kile, uzito unaopungua mwaka baada ya mwaka.

Wakati huo huo sindano yenyewe ilikuwa inabadilika. Tezi za sokoni hazilingani nguvu, na kuzikusanya ni kazi kubwa. Mwaka 1971 ulipofahamika muundo wa homoni ya ubongo inayoiamuru pituitari, ilionekana kwamba badala ya kumpa samaki homoni ya tezi ya mwenzake, inatosha kuiambia tezi yake mwenyewe ifanye kazi. Watafiti walitengeneza homoni hiyo maabara, wakadunga, na katika samaki wengi wa jamii ya kapi matokeo yakawa hafifu. Jibu lilitoka kwa Richard Peter, wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada. Alionyesha kwamba ubongo wa samaki hutoa pia dopamini, ambayo huizuia tezi isimwage homoni yake. Kuongeza amri pekee hakutoshi wakati kizuizi kipo. Yeye na Lin Haoran wa Guangzhou wakaunganisha homoni ya kuamuru na dawa ya kukizima kizuizi hicho, na njia hiyo ikaitwa Linpe kutokana na majina yao mawili. Ovaprimu inayouzwa leo kwenye chupa ndogo imejengwa juu ya wazo hilo: mililita 0.5 kwa kilo moja ya samaki, sindano moja tu, kwa kuwa tezi ya samaki huimwaga homoni yake polepole na kujipangia yenyewe.

Barani Afrika samaki aliyepokea njia hii kwa ukamilifu ni kambale. Naye hukomaa bwawani na kusubiri mafuriko, lakini ana tofauti moja inayobadilisha kazi nzima: dume wake hakamuliki. Ukimbana tumbo hatoi manii, kwa hiyo ni lazima achinjwe na korodani zitolewe. Watafiti waliofanya kazi Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati katika miaka ya 1970 na 1980, H. Hogendoorn akiwa miongoni mwao, ndio walioweka utaratibu ambao vituo vya Kenya, Uganda na Tanzania vinaufuata hadi leo.

Chukua jike la kilo 1. Kwanza anachaguliwa: tumbo limejaa na ni laini, na ukilibonyeza kidogo kuelekea nyuma yanatoka mayai machache ya rangi ya kijani-kahawia, yanayolingana ukubwa, yenye kipenyo cha milimita 1 au zaidi. Mayai yakitofautiana ukubwa, au yakitoka na damu, huyo arudishwe bwawani. Hapa ndipo vituo vingi vinapokosea, kwa kudhani kwamba dozi kubwa itafidia jike ambaye hajawa tayari. Sindano haijazi yai kiini. Inafungua tu hatua ya mwisho, na kama hatua ya kwanza haijatimia hakuna cha kufungua. Jike aliyechaguliwa ananyimwa chakula siku moja, anatengwa peke yake kwa sababu kambale hung'atana, kisha anadungwa kwenye mnofu wa mgongo, pembeni mwa pezi, sindano ikiwa imelala. Mahali palipodungwa pasuguliwe kwa kidole ili dawa isirudi nje.

Kuanzia hapo saa inaendeshwa na joto la maji. Katika nyuzi 30 mayai huwa tayari baada ya saa kama 7, katika nyuzi 25 saa kama 11, na katika nyuzi 20 saa zaidi ya 20. Kwa hiyo kituo cha Kisumu na kituo cha nyanda za juu haviwezi kutumia ratiba moja, na asiye na kipimajoto anabahatisha. Kipimo cha uhakika ni tumbo lenyewe: jike akiinuliwa kichwa juu, mayai hutiririka bila kulazimishwa. Ukiwahi, utakamua kwa nguvu na kuona damu. Ukichelewa saa chache, mayai yatatoka kwa urahisi lakini yatakuwa yameanza kuharibika ndani ya tumbo, yenye majimaji mengi na mabonge, na yatakayorutubika yatakuwa machache.

Kabla ya kukamua, jike anafutwa kwa taulo mpaka akauke, na bakuli nalo liwe kavu. Tone la maji likiingia, mayai yanaanza kuvimba na kile kitundu kidogo ambacho mbegu ya dume hupitia kinafunga. Jike wa kilo 1 aliyeiva vizuri hutoa gramu 100 hadi 150 za mayai, na gramu moja ina mayai kama 600 hadi 700. Korodani za dume zinakatwakatwa na kukamuliwa kupitia kitambaa chepesi, manii yanachanganywa na mayai yangali makavu, ndipo maji safi yanapoongezwa. Maji ndiyo yanayoziamsha mbegu, nazo hubaki na uhai wa dakika kama moja tu. Koroga polepole kwa unyoya au kijiko cha plastiki dakika hiyo, suuza, kisha utandaze mayai kwenye wavu kwa tabaka moja. Yanashikamana na chochote yanachokigusa, na yakilundikana ya chini hufa.

Saa kama 12 baadaye yasiyorutubika yanageuka meupe, na ukungu huota juu yake kisha kuhamia kwenye mazima jirani. Ukiona zaidi ya nusu ni meupe, fuatilia nyuma: ulichagua jike gani, ulisubiri saa ngapi, bakuli lilikuwa kavu? Katika nyuzi 27 au 28 vifaranga huanguliwa baada ya takribani siku moja, huishi kwa kiini chao siku 3 hivi, kisha hupanda kutafuta chakula. Tukikadiria gramu 100 zenye mayai 65,000, na asilimia 60 kuanguliwa, kuna vifaranga 39,000 kutoka kwa jike mmoja. Idadi hiyo humfurahisha kila mtu anayeianza kazi hii, na ni mapema mno kufurahi.

Gertjan de Graaf na wenzake waliyapima yaliyofuata nchini Kongo-Brazaville na kuchapisha mwaka 1995. Walipanda vifaranga vya kambale kwenye mabwawa madogo, mengine yakiwa wazi, mengine yakiwa yamezungushiwa kinga ya kuzuia vyura. Mabwawa ya wazi yalitoa wastani wa vifaranga wasiofika 6 kwa mita ya mraba kila mzunguko. Yenye kinga yalitoa zaidi ya 30. Tofauti hiyo yote haikuhusu dawa wala jike, bali vyura waliovila vifaranga. Ndani ya kinga nako wengine walipotea, safari hii kwa kuliwa na ndugu zao waliokua haraka, kwa kuwa kambale aliyemzidi mwenzake ukubwa humeza bila kusita.

Kwa hiyo mabwawa ya kulelea hujazwa maji siku chache tu kabla ya vifaranga kuingia, ili wadudu walao samaki wasipate muda wa kuzaliana. Yanawekewa mbolea ili viumbe vidogo vya chakula viwepo tayari, na yanazungushiwa bati au wavu uliochimbiwa chini ya udongo. Baada ya wiki kama 5 yanakaushwa na samaki kutengwa kwa ukubwa, wakubwa kwao na wadogo kwao, halafu wanahesabiwa na idadi inaandikwa daftarini kando ya ile ya siku ya kuanguliwa.